Risala ya kikundi cha akina mama wa batiki kwa mheshimiwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kata mlioambatana nae, majirani na wateja wetu, karibuni sana. Tunajua ratiba yako imebana, kwahiyo historia tunaipitisha mbio. Tulianzia kwenye baraza la mwenyekiti wetu na karai la kuazima, tukapata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10, na tumeurejesha wote (hili tunaomba liandikwe). Mafanikio ni mengi, mheshimiwa. Tumeshavuka mipaka ya mkoa, kwa maana kuna mama wa Dodoma alichukua mashuka mawili, na tumefungua tawi pale stendi, ambalo kwa sasa ni meza.

Sasa tuje kwenye lililotuleta. Mgeni rasmi aliyepita alikaa kwenye kiti hichohicho akatamka kwamba sare za Ijumaa za ofisi za hapa zitatoka kwetu, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Ikaja oda moja tu ya mashati 40. Tukayafanya, wakayapanga mezani, wakayakataa 13 kwasababu eti maua hayafanani, na oda iliyofuata wakanunua kitambaa cha mashine kilichochapwa maua ya kuiga batiki. Hatulalamiki mheshimiwa, tunaeleza tu.

Mbele yako pale mezani kuna vitambaa viwili na futi ya fundi. Hicho cha kushoto ni cha mashine, tafuta ule mpasuko mweusi kama mguu wa kuku, weka kidole, pima kufuata urefu wa kitambaa. Ukifika sentimita 64 unaukuta tena, uleule, na kidoti chake pembeni. Mashine nyingi zinachapa kwa silinda yenye mzingo huo, ikizunguka mara moja mchoro unaanza upya, na maua yakiwa madogo yanaweza kurudi hata kwenye 32. Kigeuze, mara nyingi nyuma kimepauka. Cha kulia ni chetu, pima mpaka mwisho wa kitambaa, mpasuko haujirudii, na rangi imepenya pande zote.

Na sio uzembe, ndo kazi yenyewe ilivyo. Nta tunayeyusha mshumaa na nta ya nyuki kidogo, tunagonga kwa sponji, ikikauka tunakifinyanga kitambaa kwa mkono, nta ya mshumaa ni kavu inavunjika, rangi inaingia kwenye nyufa, sasa nani anaweza kuvunja nta mara mbili ikapasuka palepale? Vile vya kufunga na kamba ndo kabisa, mkunjo wa nje unakunywa rangi nyingi, wa ndani kidogo, na mkono wa mama Asha unakaza kamba kuliko wangu.

Ila tuseme kweli, sio kila kutofanana kunasameheka. Rangi yetu tunaikoroga na kostiki na haidro, na kitambaa kikitoka kwenye beseni rangi yake ya kweli bado haijaja, inakuja kikipigwa na hewa. Hewa hiyohiyo ikiingia sana kwenye beseni nguvu inaisha, na kila kitambaa kinachozama kinapunguza rangi, kwahiyo cha mwisho kinaweza kutoka kimepauka. Hicho mkikataa ni haki yenu. Ukisugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kikachafuka rangi, kataa. Ukikuta nta imeganda kwenye pindo, kataa. Katika yale 13 waliyotukatalia, yaliyopauka yalikuwa mawili, hayo tuliyapokea kwa mikono miwili, lakini 11 yalikataliwa kwasababu ni batiki.

Ombi letu ni moja, mheshimiwa, hatuombi cherehani wala kapeti. Tunaomba oda za ofisi zije na karatasi ya vigezo inayosema rangi zilingane na maua yasilingane. Sisi tutaleta sampuli mbili za rangi, moja iliyokolea kuliko zote na moja nyepesi kuliko zote, mtazisaini, shati lolote likiangukia katikati yake linapokelewa bila kuhesabiwa maua. Na jora liwe moja la pamba tupu, maana pamba iliyochanganywa na poliesta rangi yetu haiikolei, halafu lawama inakuja kwetu. Kama ofisi inataka mashati yafanane kama sahani, inunue cha mashine kwa amani, ila kisiandikwe batiki kwenye risiti.

Tunajua utasema umelipokea na utalifanyia kazi, na tunakushukuru mapema, maneno hayo tunayo mengi kwenye daftari la kikundi. Kwahiyo safari hii karatasi tumeshaichapa, ni ukurasa mmoja, nafasi ya sahihi yako ipo chini na kalamu anayo katibu hapo kulia kwako. Chakula kitapakuliwa ukishasaini.

Naomba kuwasilisha.