Barua kwa Zuhura kuhusu kile kikaratasi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam sana. Mimi mzima, hofu kwako na kwa huyo mdogo anayeota meno. Kikaratasi chako cha akina mama wenye watoto wanaoharisha, kile ulichokifasiri kutoka Kiingereza, kondakta alinikabidhi jana. Nimekisoma mara mbili, ya kwanza kimya kimya, ya pili kwa sauti, mama yuko uani anakuna nazi. Sijamaliza hata aya moja akaniuliza, "Huyo anayesema hapo ni nani, mzungu?" Nikajua kazi ipo.

Usininunie. Ngeli zote umezipatia na tahajia haina doa. Ila maneno ya Kiswahili umeyapanga foleni ya Kiingereza, kila moja limesimama pale pale liliposimama lile la asili. Itazame hii ya kwanza:

"Kama mtoto wako anaharisha, ni muhimu kwamba wewe umpe yeye vinywaji vingi kwa ajili ya kuzuia upotevu wa maji katika mwili wake."

Maneno 22. Mimi nimeiandika hivi: "Mtoto akiharisha, mnyweshe zaidi ya siku zote, asije akaishiwa maji mwilini." Yamebaki 11, na hakuna alichopunjwa mama. "Kama" imeingia ndani ya kitenzi ikawa ki. "Wewe umpe yeye vinywaji" yote imemezwa na "mnyweshe": mtoto yumo kwenye ile m ya mwanzo, na kunywa kwa kupewa na mtu kumo kwenye sh. Kiingereza hakina pa kuviweka vitu hivyo ila kwenye maneno ya pembeni, ndiyo maana kinayahitaji. Sisi kitenzi chetu kina vyumba vingi, ukiviacha vitupu mizigo inalala nje.

Halafu hao "wewe" na "yeye" si wa bure. Sisi tukimtaja mtu ambaye kitenzi kimekwisha kumtaja, huwa tunamtofautisha na mwingine. "Umpe yeye" mama atadhani kuna ndugu yake asiyetakiwa kupewa. Na "vinywaji" nimevitoa kwa sababu nyingine kabisa: ukimwambia mtu vinywaji anawaza kreti la soda, na soda na utamu wake inaweza kumzidishia mtoto kuharisha. Nimetaja maji safi, uji mwepesi, maji ya mchele na supu.

Ukurasa huo huo umeandika "nawa mikono yako na sabuni." Hapa nilicheka peke yangu. Kwanza hiyo "yako". Mtu akisema ananawa mikono, atanawa ya nani? Kwenye viungo vya mwili sisi mwenyewe ndiye hutangulia, kiungo kikafuata kikavu: amevunjika mguu, kichwa kinamuuma, damu inamtoka puani. "Mguu wake umevunjika" inasemeka, lakini inanifanya niufikirie mguu kuliko mtu. Pili hiyo "na". Kunawa mikono na sabuni, ukiisikiliza vizuri, ni kuinawa mikono na sabuni nayo ukainawisha. Chombo cha kufanyia kazi huchukua "kwa": nawa kwa sabuni, kata kwa kisu. Nimezihesabu "yako" na "wako" katika ukurasa huo, zimefika 14. Nimeacha 2.

Sasa pale penye kuchanganya ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, ambapo ndipo penye roho ya kikaratasi chote. Umesema: "Tumia kijiko safi kwa ajili ya kukoroga dawa ambayo mhudumu wa afya amekupa wewe katika maji." Kila nikiona "kwa ajili ya" kwenye tafsiri nasimama, maana mara nyingi hapo palikuwa pa kitenzi chenye i au e, kile cha kutendea. Kijiko cha kukoroga kwacho ni kijiko cha kukorogea, kama vile kuna kisu cha kukatia na maji ya kunawia. Na "dawa ambayo mhudumu amekupa" ni dawa aliyokupa mhudumu. Ona mtendaji alivyokwenda nyuma ya kitenzi. Kiingereza hakimruhusu mtendaji kukaa huko, ndiyo maana mkono wa mfasiri unasita kumpeleka. Wewe mwenyewe ukiwa unapiga soga husemi "chakula ambacho mama alipika", unasema chakula alichopika mama. Kwa hiyo: "Dawa aliyokupa mhudumu ikoroge kwenye maji kwa kijiko safi."

Dawa imekaa mbele kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa, mama anayo mkononi. Kitenzi kinairudia kwa ile i ya "ikoroge", basi hakuna kinachopotea.

Lakini usije ukaifukuza "ambayo" kila mahali, nimewaona wanaofanya hivyo wakaharibu. Kuna vyumba o rejeshi haiingii. "Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6" huwezi kuibana, kwa sababu ya ule ukanushi wa ja. Hiyo nimeiacha kama ulivyoiandika.

Na mimi nikwambie aibu yangu, nisijifanye fundi. Mwaka juzi nilipewa kikaratasi kama hiki hiki kukilainisha. Penye "lita moja ya maji" niliona pamekauka, nikaandika "chupa kubwa ya maji," ndivyo watu wanavyosema dukani. Kilinoga. Bahati muuguzi mmoja akakisoma kabla hakijachapwa, akaniuliza chupa kubwa ni ipi, maana ile ya dukani kwao ni lita moja na nusu. Pakiti ya lita moja ukiimwagia lita na nusu, dawa inakuwa nyepesi, haimfai mtoto. Tangu siku hiyo vipimo sivigusi. Pako pia nimeacha lita moja kama pakiti inavyosema, na saa 24 nimeziacha, ila sentensi nimeigeuza. Wewe ulisema "mchanganyiko unapaswa kutumiwa na mtoto ndani ya saa 24." Mimi: "Yakipita saa 24 yamwage, utengeneze mengine." Ya kwanza inamwachia mama akisie afanye nini na yaliyobaki. Ya pili imemwambia.

Kidogo pale pa kutapika. "Subiri kwa dakika 10 halafu endelea lakini kwa polepole zaidi." Hiyo "polepole zaidi" inamlinganisha na nani? Sisi kwa jambo hili tuna kurudiarudia neno, tena linaonyesha na mkono wenyewe unavyokwenda: "Akitapika, pumzika dakika 10, kisha uendelee kumpa kijiko kimoja kimoja." Nilimsomea mama hii, naye hakuuliza tena nani anasema. Aliuliza kijiko cha chai au cha chakula. Swali zuri, nimeongeza "cha chai".

Ukurasa wa pili sijaugusa, nakurudishia uufanye mwenyewe. Lifungie karatasi la Kiingereza kabatini, umwite yule shangazi yako mbishi, umwambie kwa mdomo kila kinachotakiwa, halafu ndiyo uandike. Anza na ile ya "ni muhimu kuendelea na unyonyeshaji wa mtoto wako wakati wa ugonjwa wake." Mimi nina yangu tayari, ina maneno manne. Sikutajii.

Basi la Alhamisi linatoka saa 12 asubuhi, nitampa kondakta yule yule. Msalimie shemeji na umbusu mdogo.

Wako,
Mwanaidi