Alama ya "verified owner" na picha ya mteja: zinakuambia nini kuhusu pawabenki?

Kwenye maoni ya wateja dukani kwetu mtandaoni, baadhi ya majina yana maneno madogo pembeni: "verified owner". Wengi huyasoma kama muhuri kwamba maoni hayo ni ya kweli. Duka letu linatumia WooCommerce, mfumo wa kuendesha duka mtandaoni, kama maduka mengi madogo, kwa hiyo tueleze mfumo huo hukagua nini hasa kabla ya kumpa mtu alama hiyo.

Hukagua jambo moja tu: kama akaunti au barua pepe ya mwandishi imo kwenye oda yenye bidhaa hiyo, na oda hiyo ina hali ya "Processing", yaani inashughulikiwa, au "Completed", yaani imekamilika. Hapo kwenye "Processing" ndipo penye utata. Oda ya M-Pesa au kadi huingia hali hiyo malipo yakikubaliwa, mzigo ukiwa bado haujafungwa. Oda ya kulipa mzigo ukifika huingia hapo mara tu mteja anapobonyeza kitufe cha kuagiza, hata senti haijatoka. Kwa hiyo mtu anaweza kuagiza asubuhi, akaandika nyota tano mchana akiwa na alama, kisha jioni akamkatalia boda mlangoni. Alama haifutiki, kwa sababu huhifadhiwa pamoja na maoni siku yanapoandikwa. Hata aliyerudishiwa pesa baadaye hubaki nayo.

Tena mfumo hautofautishi saizi. Pawabenki yetu ya mAh 10,000 na ile ya mAh 20,000 ziko kwenye ukurasa mmoja, na aliyenunua ndogo anapata alama ileile ya aliyenunua kubwa. Na aliyenunua kaunta au kwa WhatsApp hana alama kabisa, ingawa huenda ndiye anayeijua pawabenki hiyo kuliko wote. Muuza duka asiye mwaminifu naye anaweza kujitengenezea oda zake mwenyewe. Mfumo hauna namna ya kumjua.

Picha huongeza kitu, ila si kile ambacho watu hudhani. Picha nzuri inaonyesha kwamba kifaa kipo mkononi mwa mtu, rangi yake, matundu yake, na kama boksi lilifika limebonyea. Haionyeshi ilipigwa lini, wala nani aliipiga. Ukiipitisha kwenye Google Lens, inayotafuta picha mtandaoni, na ikatokea kwenye duka la nchi nyingine, basi imeokotwa. Isipotokea popote, bado hujathibitisha kuwa ni ya huyo mteja.

Chukua maoni kama haya: alama ipo, nyota tano, picha ya pawabenki ya mAh 20,000 mezani, taa zake nne zikiwaka, na maneno "imefika haraka, inachaji vizuri". Kuhusu usafirishaji, huo ni ushahidi kiasi. Kuhusu ujazo wa betri, hakuna kitu. Taa nne huwaka hata kama ndani mna seli moja. Maandishi "20000mAh" kwenye gamba ni wino tu, na kiwanda chochote kinaweza kuyachapa.

Picha inayofaa ni ya pawabenki ikiwa juu ya mizani ya jikoni. mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati 74, na seli za lithiamu za kawaida zenye nguvu hiyo hukaribia gramu 300 kabla ya gamba na saketi. Mizani ikisoma gramu 180, hiyo si mAh 20,000, alama iwepo isiwepo. Ila usigeuze hesabu: gramu 400 hazimaanishi kuwa ni halali, kwani zipo feki zinazojazwa mchanga ili zikae nzito mkononi.

Linalosema zaidi ni maelezo ya matumizi baada ya wiki kadhaa, yenye namba. Hapa tahadhari moja, maana hulalamikiwa sana: pawabenki halali ya mAh 20,000 haitoi 20,000 kwenye simu. Ikipandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, hesabu inashuka hadi 14,800, na ukitoa upotevu wa joto unabaki na takriban 12,000 hadi 13,000. Kwa simu yenye betri ya mAh 5,000 hiyo ni kama mara mbili na nusu. Mteja akiandika "imechaji simu yangu mara mbili tu, feki", lalamiko lake ndilo linaloonyesha kwamba betri iko sawa. Akiandika haijafikisha hata mara moja, na waya ni mzima, hapo pana kasoro.

Kwa hiyo ukituandikia maoni, taja saizi uliyonunua, aina ya simu, imechaji mara ngapi kutoka asilimia ngapi, na umeitumia kwa muda gani. Mlionunua kaunta, andikeni namba ya risiti. Tutailinganisha na daftari la mauzo na kuweka jibu chini ya maoni yenu kwamba tumeiona.