Umebadilisha katriji na mistari imevunjika? Linganisha vichwa vya printa

Malalamiko haya huja mara nyingi kutoka kwa wateja wa printa za wino. Printa ilikuwa ikichapa vizuri, wino ukaisha, katriji mpya ikawekwa, na tangu hapo herufi zina kivuli na mistari ya majedwali imekatika kama ngazi. Wengi hudhani wameuziwa katriji mbovu. Inawezekana, lakini kwa kawaida kinachokosekana ni kulinganisha vichwa vya kuchapia.

Kwanza angalia printa yako ni ya aina gani. Katika printa nyingi ndogo zenye katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi, kichwa cha kuchapia kimejengwa ndani ya katriji yenyewe. Ni ile sahani ndogo yenye matundu membamba, ambayo huja imefunikwa kwa utepe wa plastiki. Ukibadilisha katriji umebadilisha na kichwa, na kichwa kipya hakikai palepale kilipokaa cha zamani. Katika printa nyingine, zikiwemo zote za matangi ya kujaza wino kwa chupa, kichwa hubaki ndani ya mashine. Hizo hazihitaji kulinganishwa kila unapoongeza wino. Zikianza kuvunja mistari ghafla, tafuta sababu nyingine: huenda printa imehamishwa, karatasi imekwama au kichwa kimefunguliwa.

Tofauti inayoleta shida ni ndogo sana. Kwenye ubora wa nukta 600 kwa inchi, umbali kati ya nukta na nukta ni kama milimita 0.04. Kichwa kikihama nafasi ya nukta tatu tu, mstari unahama zaidi ya milimita 0.1, na jicho linaona. Tena kichwa huchapa kikienda kulia na kikirudi kushoto. Tone la wino likitoka, kichwa kiko mbioni, kwa hiyo tone huangukia mbele kidogo kuelekea upande kinakoelekea. Kikirudi, huangukia upande wa pili. Kulinganisha ni kuiambia printa iwahishe au icheleweshe matone kiasi gani ili safari zote mbili zikutane mahali pamoja, na ili nyeusi ikae sawa na rangi.

Kuna mteja aliyetuletea ankara zilizochapwa kwa hali ya rasimu. Mistari ya kusimama ya jedwali ilikuwa imekatika vipande vya urefu sawa, kila kimoja kama sentimita moja, na maandishi yalionekana yamechapwa mara mbili. Alikuwa ameshaendesha usafishaji wa kichwa mara kadhaa bila mafanikio, na haishangazi: usafishaji huzibua matundu, hauhamishi kitu. Ulimmalizia wino tu.

Tuliweka rula juu ya mstari mmoja. Kipande cha kwanza, cha tatu na cha tano vilikuwa kwenye mstari mmoja. Cha pili na cha nne vilikuwa kwenye mstari wao, kidogo upande wa kulia. Kupishana huko ndiko kunakosema yote: safari ya kwenda na ya kurudi hazikutani. Kwenye rasimu dalili hii huonekana wazi kwa sababu kichwa hupita mara moja kila sehemu. Ukichapa kwa ubora wa juu, safari hupandana, na badala ya ngazi unaona mstari mnene wenye ukungu.

Kabla ya kulinganisha tulichapa ukurasa wa kukagua matundu, ule ambao kwenye menyu nyingi huitwa `Nozzle Check`. Usiruke hatua hii. Kama baadhi ya matundu yameziba, chapa ya kulinganishia itatoka na mapengo, na printa au jicho lako litachagua thamani isiyo sahihi. Ya mteja wetu ilikuwa safi, bila pengo. Kisha tukaitoa katriji, tukahakikisha utepe umebanduliwa wote, tukairudisha mpaka ikabana kwa mlio. Katriji iliyokaa nusu itahama tena baada ya kurasa chache, na kazi yote itakuwa bure.

Printa yake ilikuwa na skana, hivyo kulinganisha kulikuwa kwa kujiendesha. Unachagua amri ya kulinganisha, kwa kawaida `Align Printheads` au jina linalokaribiana nalo, ukurasa wenye alama unachapwa, unaulaza kwenye kioo cha skana upande uliochapwa ukiangalia chini, kisha unaruhusu mashine isome. Yeye alikuwa amejaribu nyumbani ikakataa. Alikuwa ametumia karatasi iliyochapwa upande wa nyuma, na skana ilikuwa ikiona maandishi ya nyuma yakipenya. Tulipofuta kioo na kuweka karatasi nyeupe mpya ya kawaida, ilikubali mara moja, na mistari ya jedwali ikanyooka.

Printa zisizo na skana hukuachia wewe uchague. Zinachapa safu za vijisanduku vyenye namba, nawe unaandika namba ya kile chenye mikwaruzo michache zaidi kwa kila safu. Chapa kwenye karatasi ileile unayotumia kila siku, kaa penye mwanga mzuri, na subiri wino ukauke kabla ya kuamua. Vijisanduku viwili vikifanana kabisa, chagua chochote kati yao, kisha rudia zoezi zima: raundi ya pili huonyesha tofauti ambazo ya kwanza ilizificha.

Karatasi nene na bahasha zina hila yake. Uso wake uko karibu zaidi na kichwa, kwa hiyo tone linasafiri umbali mfupi na kuangukia mahali tofauti na ulipolinganishia. Kama tatizo liko kwenye bahasha peke yake, usivuruge mpangilio ulio sawa kwa karatasi za kawaida. Chagua aina sahihi ya karatasi unapochapa. Baadhi ya printa zina pia chaguo la kuzima uchapaji wa kwenda na kurudi. Kazi itakwenda polepole lakini mistari itakaa sawa. Ila usichanganye chaguo hilo na `Enable bidirectional support` lililopo kwenye ukurasa wa `Ports` wa Windows. Hilo linahusu mawasiliano ya kompyuta na printa, halina uhusiano na mwendo wa kichwa.

Kuna wakati kulinganisha hakusaidii. Mstari ukiyumba ovyo, bila vipande vya urefu sawa, na kila ukilinganisha unapata matokeo tofauti, shuku ule utepe mwembamba wa plastiki angavu uliopita nyuma ya kichwa. Kichwa hujua kilipo kwa kuusoma, na ukipakwa wino au grisi kinapotea njia. Unasafishwa taratibu, printa ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo. Ukichomoka kwenye ndoano zake kichwa kitagonga ukutani, kwa hiyo kama hujawahi kuugusa, tuachie sisi.

Ukileta printa kwetu, lete na ukurasa ulioharibika, ukurasa wa kukagua matundu, na karatasi chache za aina unayotumia. Tutalinganisha kwa karatasi hizohizo.