Jaribio la taa ya barabarani: Jumamosi, Sinza

Habari za jioni wanakikundi. Tunaijaribu taa yetu mtaani Jumamosi hii, Sinza, kwenye kona ileile. Tukutane saa 11:30 jioni, tuione ikijiwasha giza linapoingia.

Ile hali ya kuwaka na kuzima mfululizo ilitokana na sensa ya mwanga kuona mwanga wa taa yenyewe. Taa ikiwaka, sensa inadhani kumekucha na kuizima. Ikizima, inaona giza na kuiwasha tena. Sasa sensa iko juu ya kichwa cha taa, inatazama angani, na viwango tumevitenganisha: taa inawaka usomaji ukishuka chini ya 300, inazima ukivuka 450. Ikicheza tena, angalieni kwanza kama kuna mwanga wa duka unaoifikia.

Majukumu:
1. Wawili watembee umbali wa mita 3, 5 na 7, kwanza wakikatiza mbele ya nguzo, kisha wakiijia moja kwa moja. Sensa ya mwendo huwa dhaifu kwa anayeijia, na joto letu la Dar huipunguzia umbali kwa sababu hutambua tofauti ya joto la mwili na mazingira. Msianze kabla ya dakika moja tangu kuwasha umeme, itulie kwanza.
2. Mmoja apime mkondo kwa multimita, mwangaza wa taa ukiwa asilimia 30 na ukiwa 100.
3. Mwenye ngazi aje nayo, tafadhali.

Mchango ni shilingi 3,000 kila mtu, ya bajaji ya kubebea betri na nguzo. Thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku: jina, jukumu, na kama umeshatuma.