Kidonge saa 1:29, taarifa ya habari saa 2:00

Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita muuguzi mmoja aliuliza kwa nini redio zinatangaza habari za kipindupindu kila mvua zinapoanza, na bado wagonjwa wanafika zahanati wakiapa kwamba walikunywa maji yenye dawa. Nimeandaa matangazo ya namna hiyo kwa miaka mingi katika redio ya jamii huku Kigoma, na nadhani najua sehemu ya jibu.

Watu hao hawadanganyi. Dawa waliweka. Ila waliiweka kwenye chombo kisicho na kipimo chake, au katika maji ya tope, au walikunywa baada ya dakika tano kwa sababu kiu haingoji. Sisi watangazaji ndio hatukuwaambia vizuri.

Nianze na maneno yetu tuliyoyazoea: "maji safi na salama." Mtu wa Ujiji au Kibirizi ukimwambia atumie maji safi, anakushangaa. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, mtu unaona mawe ya chini. Kwake hayo ndiyo safi. Lakini mwezi Mei mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana pale Kagunga wakisubiri meli ya MV Liemba iwachukue kuwaleta Kigoma, kipindupindu kilizuka ufukweni kwenye maji hayohayo maangavu. Ng'ambo ya ziwa, huko Uvira na Kalemie nchini Kongo, ugonjwa huu haujawahi kuwa mgeni. Kwa hiyo tangazo linalosema "safi" kwa watu wa ziwani limeshampoteza msikilizaji kabla hata ya sentensi ya pili.

Kosa la pili ni kurundika. Tangazo letu la kwanza la dakika tatu lilikuwa na kuchemsha, dawa, kuanika chupa juani, kunawa mikono, choo, na namba ya kupiga simu. Nilijivunia. Kisha nikaenda kwa jirani yangu aliyelisikia siku hiyohiyo, nikamwomba anionyeshe anavyotia dawa. Akachukua kidonge kimoja, akakitia kwenye pipa. Tulikuwa tumesema "kidonge kimoja kwenye maji yako." Hatukutaja lita. Hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Tangu hapo nashika jambo moja tu kwa dakika tatu. Nimechagua kidonge cha klorini kwa ndoo ya lita 20, kwa sababu mkaa ni ghali na wengi hawawezi kuchemsha kila siku, ingawa kuchemsha ni njia nzuri: yakishatokota kwa nguvu dakika moja, vijidudu vimekufa.

Jambo gumu katika kidonge ni nusu saa ya kusubiri. Klorini haiui papo hapo. Ukitangaza "subiri nusu saa" kwenye nyumba isiyo na saa ukutani, umesema neno lisilo na kipimo. Lakini nyumba hiyo ina redio! Taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku inajulikana hata na watoto. Basi tangazo linarushwa saa 1:27 jioni, kidonge kinaingia majini saa 1:29, na mlio wa taarifa ya habari ukilia, muda umetimia. Redio yenyewe inakuwa saa. Ndiyo maana mwendo wa mswada wa tangazo ninaouweka hapa chini si wa kuchezea: sauti zikirefushwa kwa zaidi ya dakika moja, kidonge kinachelewa na nusu saa haitimii.

Naomba muuchape mzima, ili kituo chochote kidogo kiutumie bila kuniuliza. Maneno hayafiki 300. Mimi husoma maneno kama 100 kwa dakika nikisoma kwa mtu anayefanya kazi huku akisikiliza, na hapa tunataka afanye.

(Dumu linamiminwa kwenye ndoo, gulu-gulu-gulu, sekunde 6. Mlio unashuka, unabaki chini ya mazungumzo.)

MAMA: Mwanangu, hiyo ndoo ilete hapa karibu na redio.

KIJANA: Ya maji ya kunywa? Mbona haya ni meupe, mama, hayana shida.

MAMA: Meupe ndiyo. Lakini kipindupindu hakionekani kwa macho.

(Mlio unakatika ghafla. Kimya sekunde 2.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, sasa ni saa moja na dakika ishirini na saba. Isogeze ndoo yako ya lita ishirini. Shika na pakiti ya vidonge vya dawa ya maji. Nakusubiri.

(Ndoo inaburutwa sakafuni, sekunde 8.)

MTANGAZAJI: Tazama ndani ya ndoo. Unakiona kitako chake? Kama hukioni, maji yana tope, na tope linaila dawa kabla haijaua vijidudu. Yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Yakibaki na ukungu, weka vidonge viwili. Nusu saa yako itaanza hapo utakapoviweka.

(Kimya sekunde 3.)

KIJANA: Mimi nakiona kitako.

MTANGAZAJI: Vizuri. Sasa soma pakiti. Imeandikwa kidonge kimoja kwa lita ishirini?

(Kimya sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Basi kidonge kimoja, ndoo moja. Kama una kidumu cha lita tano, kidonge hiki si chake. Kama una pipa, hakitoshi. Haya, chana pakiti.

(Pakiti inachanwa karibu kabisa na maikrofoni. Kidonge kinatumbukia.)

MTANGAZAJI: Kimeingia. Saa moja na dakika ishirini na tisa. Kikiyeyuka, koroga kwa mwiko safi, ufunike.

(Kifuniko kinagonga ndoo.)

KIJANA: Nina kiu, mama.

MAMA: Bado. Mpaka usikie taarifa ya habari.

(Mlio wa taarifa ya habari wa kituo, sekunde 3.)

MTANGAZAJI: Ukiusikia mlio huu saa mbili kamili, nusu saa imetimia. Fungua, unuse. Kuna harufu kidogo ya dawa? Hiyo ni dalili njema, dawa imebaki kuyalinda maji. Usiyamwage.

KIJANA: Na kama hayanuki?

MTANGAZAJI: Basi dawa yote imeishia kazini. Weka kidonge kingine, usubiri tena.

MAMA: Na hiki kikombe chetu cha kuchotea?

MTANGAZAJI: Usikizamishe, wala usitie mkono. Mimina, au chota kwa kata safi yenye mpini mrefu.

MAMA: Umesikia, mwanangu? Kaa hapa. Tusubiri habari.

(Mwisho.)

Sasa maelezo machache kwa atakayeurekodi. Maji yakimiminwa kutoka bombani, kwenye spika ndogo ya simu yanasikika kama mvua, au kama redio iliyopoteza masafa. Nilipoteza siku nzima nikirekodi bomba. Dumu lenye shingo nyembamba ndilo linalosema "maji," kwa ile gulu-gulu yake. Tumia ndoo ya plastiki, maana ya bati inasikika kama sufuria, na msikilizaji atadhani tunapika. Kidonge kikitumbukia hakisikiki sana, kwa hiyo kinachobeba tukio hilo ni mchano wa pakiti. Urekodi kwa karibu, peke yake, kisha uuweke mahali pake.

Ule ukimya wa sekunde 5 baada ya kuuliza kuhusu pakiti, tafadhali msiujaze muziki. Mafundi mitambo watawaambia kwamba kimya hewani ni kosa. Hapa ndipo msikilizaji anaposoma. Pakiti zinatofautiana: kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20, lakini madukani kuna vidogo zaidi vya chombo kidogo, na kwa macho tu vinafanana. Mtu akifika kwenye kidonge bila kusoma, tumerudi kwenye pipa la jirani yangu. Kituo ambacho eneo lake linauziwa vidonge vya ukubwa mwingine kibadilishe lita kila mahali zilipotajwa, si mara moja tu.

Kuhusu harufu, hiyo nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Bibi mmoja alinieleza kwamba alimwaga ndoo tatu mfululizo kwa sababu maji "yalinuka sumu." Alifanya kila kitu sawasawa, kisha akamwaga kilicho salama na kurudi kwenye maji ya ziwa. Hakuna tangazo letu lililokuwa limemwambia mapema kwamba harufu itakuwepo. Watayarishaji wengi hulikwepa jambo hili wakiogopa kuwatisha watu, na kumbe harufu ndiyo kipimo pekee alicho nacho mtu wa nyumbani cha kujua kama dawa imetosha.

Niseme pia mahali ambapo mswada huu haufai. Klorini inaua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo. Haiondoi floridi. Wenzetu wa Arusha, hasa vijiji vilivyouzunguka Mlima Meru, wana visima ambavyo maji yake yanageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na kupinda mifupa, na kidonge hakigusi hilo hata kidogo. Kuchemsha nako kunazidisha, kwa kuwa maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki. Redio ya huko ikiurusha mswada huu bila kulisema hilo, itakuwa imewaaminisha watu kwamba maji yao yamepona.

Kabla ya kuurusha, msiwasomee wenzenu wa studio. Nendeni kwa mtu mwenye ndoo, umri wowote, mwekeeni rekodi, mkae kimya mmtazame. Asiambiwe kitu zaidi. Mahali mkono wake utakaposita, au atakapogeuka kuwauliza, hapo ndipo pa kuandika upya. Mimi mstari wa "kama una pipa, hakitoshi" niliupata namna hiyo, jaribio la nne, kwa mzee aliyekuwa tayari ameshainua mkono juu ya pipa lake.

Mtayarishaji wa vipindi vya redio,
Ujiji, Kigoma