Shimo la mtaani lina ofisi yake

Mhariri,

Hapa Moshi tulihangaika miezi kadhaa na shimo la mtaani kwetu, kumbe barua yetu ilikuwa kwenye ofisi isiyohusika. Barabara kuu, kama ile ya Arusha, ni ya TANROADS. Za mitaani, pamoja na mitaro yake, zinasimamiwa na TARURA tangu 2017; uzoaji wa taka umebaki kwa manispaa.

Mara ya pili tulipitia kwa mtendaji wa mtaa, tukataja jina la barabara, tukaambatanisha picha. Nakala yetu tuliidai igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, ukirudi kuulizia unaambiwa barua haionekani, nawe huna cha kuonyesha.

Mkazi wa Moshi