Anayevunja nywila ya Wi-Fi habahatishi kwenye ruta yako

Tukifika kukagua mtandao wa mteja, swali linalotangulia mara nyingi ni hili: mtu akikosea nywila mara tano, ruta si itamfungia? Haimfungii, maana mwenye kuijua kazi hiyo haigusi ruta anapobahatisha. Hunasa pakiti chache zinazopita hewani, akaondoka nazo, kisha akazijaribia nywila kwenye kompyuta yake mwenyewe, iwe leo au mwezi ujao.

Pakiti hizo ni za salamu. Simu inapojiunga na mtandao unaolindwa kwa WPA2, utaratibu wa usalama wa Wi-Fi, yenyewe na ruta hutumiana pakiti nne za kuthibitishana, na nywila haitajwi katika hata moja. Kwanza ruta hutuma namba ya nasibu. Simu nayo hutunga namba yake, ikazichanganya zote mbili na anwani za MAC, yaani namba za utambulisho wa vifaa, za pande zote na ufunguo mkuu uliotokana na nywila, ikapata ufunguo wa kikao hicho. Pakiti ya pili hubeba namba ya simu pamoja na muhuri uliopigwa kwa ufunguo huo. Ruta hurudia hesabu ileile kwa nywila inayoijua. Muhuri ukilingana, mgeni ana haki ya kuingia. Pakiti mbili za mwisho ni za kukamilisha tu.

Sasa hesabu alichonacho anayesikiliza pembeni. Namba zote mbili zimepita wazi, anwani za MAC zimepita wazi, na muhuri ameuona. Anachokosa ni nywila peke yake. Basi atachukua neno lolote, atarudia hesabu kama ruta ilivyofanya, na kulinganisha muhuri wake na ule alionasa. Ukikataa, anachukua neno linalofuata. Pakiti mbili za mwanzo zinamtosha.

Wala halazimiki kungoja mtu ajiunge. Anaweza kutuma ujumbe wa kukata muunganisho akijifanya ruta; simu hukatika, hurudi zenyewe baada ya sekunde chache, na katika kurudi husalimia upya. Ukiona vifaa vyote vinakatika kwa pamoja na kurudi, mara kadhaa ndani ya dakika chache, jambo hili ni mojawapo ya kushuku, ingawa umeme unaoyumba au ruta iliyochoka huleta dalili hizohizo. Mipangilio ya ruta nyingi huwa na kipengele kiitwacho `Protected Management Frames` au `802.11w`. Kukiwasha huzuia ujumbe huo wa uongo. Hakimzuii mwenye subira, atakayesubiri simu ya asubuhi ijiunge kwa hiari yake. Na tangu 2018 inajulikana kwamba baadhi ya ruta hutoa alama iitwayo `PMKID` katika pakiti ya kwanza kabisa, ambayo nayo yatosha kujaribia nywila hata kama hakuna simu iliyounganishwa.

Kwa hiyo kunasa tuchukulie kunawezekana. Kinachobaki kukulinda ni gharama ya kila jaribio ukizidisha na idadi ya majaribio. Gharama ya jaribio imewekwa na WPA2 yenyewe:

```
PMK = PBKDF2(HMAC-SHA1, nywila, SSID, 4096, 256)
```

Maana yake nywila husagwa pamoja na jina la mtandao mara 4,096 ili kupata ufunguo mkuu. Kwa simu yako, inayoijua nywila, ni kazi ya mara moja. Kwa mshambuliaji ni kazi ya kila neno analojaribu. Hata hivyo, kadi moja ya grafiki kama RTX 4090 hujaribu nywila zipatazo milioni 2.5 kwa sekunde. Jina la mtandao limo kwenye hesabu ili watu wasiandae majibu mapema na kuyatumia kila mahali, ndiyo maana jina lililotoka kiwandani, linalotumiwa na maelfu ya ruta, ni bora ulibadilishe.

Tuipigie hesabu kadi hiyo moja. Tarakimu 8, mfano tarehe ya kuzaliwa au mwaka umeandikwa mara mbili, zina michanganyiko milioni 100: sekunde 40 na zote zimekwisha. Namba ya simu yenye tarakimu 10 inachukua saa moja na dakika saba, na hapo tumempa kazi ya bure, kwani tarakimu za mwanzo za namba za simu anazijua. Herufi ndogo 8 za nasibu, saa 23. Herufi ndogo 12 za nasibu, miaka zaidi ya 1,200. Tumeongeza herufi nne tu, hakuna alama wala herufi kubwa. Kila herufi imezidisha kazi mara 26.

Neno "nasibu" ndilo lenye uzito hapo. Nywila kama `Karibu@2024` ina herufi 11, ina herufi kubwa, ina alama, na haifai kitu. Programu za kuvunja nywila hazianzi na aaaa. Huanza na maneno ya kawaida, zikaweka herufi kubwa mwanzoni, alama katikati na mwaka mwishoni, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya.

Tunachowafanyia wateja ni nywila ya maneno matano yaliyochaguliwa kwa bahati. Chukua kamusi ya kurasa 400 yenye vidahizo kama 20 kila ukurasa. Andika 0 hadi 9 kwenye vikaratasi kumi, vitie kikombeni, chomoa kimoja na kukirudisha: mara tatu kwa ukurasa, mara mbili kwa kidahizo, ukirudia namba ikizidi. Usifungue tu kamusi ukiwa umefumba macho, kitabu hupenda kufunguka katikati. Maneno matatu kati ya 8,000 huisha kwa siku mbili na nusu hivi. Manne, miaka 52, ambayo mtu mwenye kadi 100 ataimaliza ndani ya miezi sita na ushee. Matano, kwa kadi moja, zaidi ya miaka 400,000. Utapata kitu kama `kifuniko-ukoka-tarishi-nundu-pambaja`, ambacho mgeni anaweza kusomewa kwa mdomo. Neno lisilokupendeza usilibadilishe kwa lile unalolipenda. Kikomo cha WPA2 ni herufi 63.

Tukibadilisha nywila, tunazima pia `WPS` ya PIN, njia ya kujiunga kwa namba fupi badala ya nywila. PIN hiyo hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha badala ya mamilioni, na anayeipata hupewa nywila yako hata iwe ndefu namna gani. Hapo mshambuliaji anabahatisha kwenye ruta kweli, na ruta nyingine za zamani hazimfungii.

WPA3, iliyokuja baada ya WPA2, imebadilisha salamu yenyewe: kilichonaswa hakijaribiki tena nje, kila jaribio sharti lipitie kwa ruta. Lakini ukichagua `WPA2/WPA3` ili vifaa vya zamani viingie, kifaa kinachoingia kwa WPA2 kinasalimia kwa mtindo uleule wa zamani, na nywila ni hiyohiyo moja. Tunaweka WPA3 peke yake pale tu ambapo printa na kamera zote zinaikubali. Kama hazikubali, maneno matano yanabaki, na kila kifaa kinachogoma kuingia baada ya mabadiliko kiambiwe kwanza kiusahau mtandao wa zamani, maana mara nyingi kinang'ang'ania nywila iliyopita.